Daipa au Nepi ya Kitambaa kwa Mtoto Mchanga?

Mke anapofikisha mwezi wa saba au wa nane wa ujauzito, wengi wenu huketi pamoja jioni na kuandika orodha ya vitu vya mtoto. Juu ya shali, beseni na fulana ndogo hakuna ubishi. Ubishi huanza mnapofika kwenye nepi. Mama mkwe aliyelea watoto saba kwa dazeni mbili za nepi za taulo anaona daipa ni uvivu wa siku hizi. Dada wa mke, aliyejifungua mwaka jana, anaapa kwamba hawezi kurudi kwenye karai. Mume naye amepita dukani, ameona bei ya pakiti moja, na anadhani sasa anajua gharama.

Bei ya pakiti siyo gharama ya mwezi, na bei ya dazeni ya nepi pia siyo gharama ya mwezi. Gharama hutegemea mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye pakiti yoyote, yaani bei ya mtungi wa maji pale mnapoishi, na mikono ya mtu atakayefua. Lakini kabla ya fedha, lazima tujue kile kitu kinamkaa vipi mtoto na kinanyonya kiasi gani. Nepi ya bei nafuu inayovuja usiku kucha na kuloanisha godoro siyo nafuu.

Katika makala haya nitaita daipa ile ya kutupa, na nepi ile ya kitambaa inayofuliwa, kama wengi wetu tunavyosema nyumbani. Na nitazungumza juu ya miezi mitatu ya kwanza tu, kwa sababu mtoto anayetambaa ana mambo yake mengine.

Hesabu yaanzia kwa mtoto mwenyewe

Siku ya kwanza mtoto hukojoa mara moja au mbili tu, na choo chake ni cheusi, kinanata kama lami. Siku ya pili na ya tatu mkojo huongezeka kadiri maziwa ya mama yanavyoongezeka. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na choo chake huwa cha njano na laini, mara tatu, nne au hata baada ya kila kunyonya. Kwa hiyo mwezi wa kwanza jiandaeni kubadilisha kama mara kumi kwa siku. Wengine hufika kumi na mbili.

Idadi hii ina kazi kubwa kuliko ya fedha. Mama hawezi kupima maziwa yanayoingia kinywani mwa mtoto, lakini anaweza kuhesabu nepi zilizolowa. Mtoto wa siku sita aliyelowesha nepi mbili tu tangu jana, au ambaye mkojo wake ni wa rangi nzito, huenda hapati maziwa ya kutosha, na anapaswa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo bila kungoja kliniki ya wiki ijayo.

Hapa nepi ya kitambaa ina faida ambayo wachache huitaja. Ikilowa, mama anaijua kwa mkono mara moja. Daipa inanyonya upesi mno hata mama wa mtoto wa kwanza hawezi kujua kama mtoto amekojoa mara moja, mara tatu, au hajakojoa kabisa. Daipa nyingine zina mstari wa njano mbele unaogeuka rangi ukilowa, na huo unasaidia. Kama yako haina mstari, chukua daipa moja kavu, mwagia ndani yake vijiko vikubwa vitatu vya maji, kisha ishike mkononi. Uzito huo ndio wa daipa iliyokojolewa, na mkono wako ukishauzoea hautakudanganya. Mume pia aushike, kwa maana huenda yeye ndiye atakayebadilisha saa tisa za usiku.

Kumkaa vizuri

Daipa ndogo kabisa madukani, namba 1, kwa kawaida huandikwa kilo 2 hadi 5. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hupungua kidogo siku za kwanza, hurudia uzito wake katika wiki mbili hivi, kisha huongeza karibu robo ya kilo au pungufu kidogo kila wiki. Basi katika wiki ya sita au ya saba anaweza kuwa na kilo 4, na namba 1 inaanza kumbana. Wanandoa wanaonunua katoni nzima ya namba 1 kwa sababu ya punguzo la bei hujikuta wamebaki na nusu yake ambayo mtoto hawezi kuivaa.

Ishara za daipa isiyofaa ni rahisi kuzisoma. Choo kikipanda mgongoni hadi kwenye fulana, daipa ni ndogo au imelegea kiunoni. Mkojo ukitoka kando ya paja, mara nyingi siyo kosa la daipa. Vile vikunjo vidogo vya pembeni vimekunjwa kuelekea ndani, na vinatakiwa kutolewa nje kwa kidole kila mara unapomfunga mtoto. Kiunoni viingie vidole viwili, visizidi. Alama nyekundu ya lastiki inayobaki muda mrefu baada ya kuvuliwa inasema mtoto amekua. Kwa mtoto wa kiume, uume uelekezwe chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo utapanda tumboni.

Kisha kuna kitovu. Kipande cha kitovu hukauka na kuanguka ndani ya wiki moja au mbili, na hakitaki unyevu. Daipa nyingine za namba 1 zimekatwa kijipande mbele kwa ajili hiyo. Kama yako haikukatwa, kunja ukingo wa mbele kuelekea nje ili kitovu kibaki wazi. Nepi vilevile ifungwe chini ya kitovu, siyo juu yake.

Nepi ya taulo ya mraba, yenye sentimita 60 kila upande, haina namba. Hilo ndilo jambo jema ndani yake. Mkunjo ndio unaoipa ukubwa. Mtoto wa kilo 2 na robo, ambaye daipa namba 1 inamwachia nafasi mapajani, anaweza kufungwa nepi ikamkaa vizuri, na nepi ile ile itamfaa akiwa na kilo 8. Kunja mraba kuwa pembetatu na wengi huishia hapo, lakini kwa mtoto mchanga pembetatu tupu ni pana mno katikati ya mapaja. Afadhali ukunje pembe mbili za pembeni zikutane katikati, upate umbo la tiara, kisha ukunje pembe ya juu kuja chini na ile ya chini kuja juu, kadiri ya urefu wa mtoto. Kwa mvulana acha unene mwingi uje mbele, kwa msichana uwe katikati na nyuma. Unapopitisha pini, vidole vyako vikae kati ya pini na ngozi ya mtoto. Ni bora ujichome wewe.

Juu ya nepi huvikwa chupi ya plastiki. Iwe na lastiki laini na isikaze mapajani. Mtoto akilala mchana akiwa karibu nawe unaweza kumwacha bila hiyo chupi, ngozi ipate hewa. Miguu ya mtoto, kwa daipa au kwa nepi, iweze kujikunja na kupanuka kama ya chura. Wale wanaonyoosha miguu ya mtoto na kuikaza kwa kitambaa eti isipinde wanaumiza nyonga.

Siku hizi kuna aina ya tatu, yaani nepi zenye vishikizo na mfuko wa kutilia kitambaa cha kunyonya, ambazo huandikwa kwamba zinamfaa mtoto tangu kilo 3 hadi 15. Ni nzuri, lakini msizitegemee wiki za kwanza. Hata zikikazwa hadi kishikizo cha mwisho, mapaja ya mtoto mchanga bado ni membamba na choo chepesi hupita pembeni. Huanza kumkaa sawasawa akifika kilo 4 au 5.

Kunyonya

Mtoto mchanga hukojoa kidogo kidogo, kama kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa wakati mmoja. Ndani ya daipa, katikati ya pamba ya karatasi, kuna chembechembe nyeupe zinazogeuka kuwa kama uji mzito zikikutana na maji. Chembe hizo hushika mkojo wa uzito mara nyingi kuliko uzito wake wenyewe, na hata ukikalia daipa haurudi nje kwa urahisi. Ukipasua daipa iliyolowa utauona huo uji. Hausumbui ngozi, lakini usimwachie mtoto mkubwa auchezee na kuutia mdomoni.

Nepi ya taulo haina uji huo. Hushika maji kati ya nyuzi zake, na ikikandamizwa huyaachia. Ndiyo maana mtoto aliyevaa nepi hulia akilowa, na aliyevaa daipa hulala. Usiku, daipa inashinda waziwazi. Mchana tofauti yao ni ndogo, maana nepi iliyolowa itabadilishwa upesi na daipa pia ingepaswa kubadilishwa.

Nasema ingepaswa, kwa sababu hapa ndipo matatizo mengi ya ngozi huanzia. Daipa ni fedha, na mama akiiona bado haijajaa anaona hasara kuitupa. Anaiacha saa sita, saa nane. Lakini upele wa matakoni hauletwi na mkojo peke yake. Choo kina vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula, na kikichanganyika na mkojo kwenye ngozi yenye joto na unyevu, vimeng'enya hivyo hupata nguvu na kuila ngozi. Daipa inaweza kunyonya mkojo wote, lakini choo hakinyonywi. Basi daipa yenye choo hutolewa mara moja, hata kama ilivaliwa dakika tano zilizopita, na yenye mkojo tu isizidi saa tatu au nne mchana. Anayetaka kupunguza gharama kwa kumwacha mtoto na daipa ile ile tangu asubuhi hadi adhuhuri atatumia alichoweka akiba kununua dawa ya upele. Wekundu ukiingia hadi ndani ya mikunjo ya mapaja, ukawa na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, huo mara nyingi ni ukungu na unahitaji dawa yake kutoka zahanati. Vaselini haitauondoa.

Nepi mpya ya pamba inanyonya vibaya. Watu hushangaa, huilaumu nepi. Pamba ina mafuta yake ya asili, na mpaka ifuliwe kwa maji moto mara tano au sita, maji huteleza juu yake. Basi zifueni kabla mtoto hajazaliwa. Baadaye, nepi iliyokuwa nzuri ikianza kuvuja, dondoshea tone la maji juu yake. Likikaa kama lulu bila kuzama, nepi imejaa mafuta au mabaki ya sabuni. Chanzo huwa ni ile dawa ya kulainisha nguo, au vaselini nyingi inayopakwa mtoto, au kusuuza kwa maji machache. Ifueni kwa maji moto na sabuni kidogo, msuuze hadi maji yatoke bila povu.

Kufua, na jambo la tembe za nondo

Nepi yenye choo hukung'utwa na kusuuzwa kwanza, maji yake yakamwagwa chooni. Kisha hulowekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, iliyokaa mahali mtoto wenu mkubwa hawezi kuifikia, kwa maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya nusu tu. Hufuliwa kwa maji moto na sabuni ya kawaida, husuuzwa mara mbili au tatu, na kuanikwa juani. Jua huua vijidudu vingi na kuondoa madoa bila gharama. Mahali ambapo kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, ambayo huanguliwa na funza kuingia ngozini, zipigeni pasi ya moto pande zote mbili.

Zile nepi za siku mbili tatu za kwanza, zenye choo kama lami, ni vigumu kutakata. Hapo tumieni vipande vya leso kuukuu au daipa chache, na mpakeni mtoto mafuta kidogo matakoni ili kile choo kisigande.

Jambo moja naomba mlisome mara mbili. Nepi nyingi huja kwa urithi, kutoka kwa shangazi au kutoka kwa mtoto aliyetangulia, na zimekaa sandukuni na tembe zile nyeupe za kufukuza nondo na mende. Tembe za nafthalini hutoa mvuke unaoingia kwenye kitambaa na kisha kwenye ngozi ya mtoto. Wako watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu, unaoitwa upungufu wa G6PD, ambao si nadra Pwani na magharibi ya nchi yetu kule malaria ilikokuwa nyingi. Kwa watoto hao nafthalini huvunja chembe za damu, mtoto akawa wa njano na hata ubongo wake kudhurika. Hakuna mzazi anayejua kwa kumtazama tu mtoto kama ana upungufu huo. Nguo na nepi za mtoto zisihifadhiwe kamwe na tembe hizo, na zikija zikiwa na harufu yake, msimvike. Mtoto aliye wa njano machoni apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Fedha za mwezi

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mume na mke wanaokaa nyumba ya kupanga mjini Nakuru. Bei nitakazotumia ni za mfano, nanyi badala yake wekeni zile za duka lenu.

Wakitumia daipa peke yake, kumi kwa siku ni 300 kwa mwezi. Wakinunua pakiti kubwa ambamo kila daipa inakuja kwa shilingi 18, watalipa shilingi 5,400. Wakinunua moja moja kwenye kibanda kwa shilingi 25, daipa zile zile 300 zitawagharimu shilingi 7,500. Tofauti ya shilingi 2,100 inalipwa na yule asiyekuwa na fedha za pakiti siku ile, naye ndiye asiyeweza kumudu. Mwezi wa pili mtoto hubadilishwa kama mara nane kwa siku, na gharama ya pakiti inashuka hadi shilingi 4,320.

Wakitumia nepi peke yake, wanahitaji dazeni mbili ili nyingine zikauke nyingine zikivaliwa. Dazeni mbili kwa shilingi 150 kila moja ni 3,600. Chupi nne za plastiki ni 400, pini ni 100, ndoo mbili zenye vifuniko ni 700. Jumla shilingi 4,800 kabla mtoto hajazaliwa. Kisha kila mwezi kuna kufua. Nepi za siku moja hula mitungi miwili ya maji ya lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 10, maji ya mwezi ni 600. Sabuni tuseme 300, na makaa ya kuchemshia maji shilingi 20 kwa siku, yaani 600. Jumla 1,500 kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza, basi, nepi zimewagharimu shilingi 6,300, na daipa zingewagharimu 5,400. Kwa mtu anayetazama mwezi mmoja tu, daipa ni nafuu. Mwezi wa pili hesabu inageuka. Kwa miezi miwili nepi zimefika 7,800 na daipa 9,720, na tangu hapo kila mwezi nepi zinawaachia karibu shilingi 2,800 mfukoni. Mtoto wa pili akija, zile 4,800 hazipo tena.

Lakini sasa wahamishieni mtaa ambapo bomba limekauka, na mwenye mkokoteni anauza mtungi kwa shilingi 40. Maji peke yake yanakuwa 2,400 kwa mwezi, na kufua kote 3,300. Nepi bado zina nafuu kidogo kuliko daipa mwezi wa pili, lakini zile 4,800 za mwanzo hazitakuwa zimerudi hata mwezi wa tatu ukiisha.

Na kama mke amejifungua kwa upasuaji, na wanamlipa mama wa kufulia shilingi 250 kila anapokuja, mara nne kwa wiki, hiyo ni karibu shilingi 4,250 kwa mwezi. Mkiongeza maji, sabuni na makaa mnafika 5,750, na mtungi bado ni shilingi 10. Hapo nepi zimekuwa ghali kuliko daipa. Wanaume wengi wanaosema nepi ni za bure wamesahau kuweka safu hii kwenye hesabu, kwa sababu mfuaji ni mke wao na hapokei mshahara. Mwanamke aliyeshonwa tumbo hapaswi kuinua ndoo ya maji ya lita 20 wala kuinama juu ya karai katika wiki sita za kwanza. Basi ikiwa mume ndiye aliyechagua nepi ili kuokoa shilingi 2,800, swali la kuulizana kabla ya kununua dazeni ya kwanza ni nani atakayefua asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akikubali yeye, hesabu ni ya kweli. Ni kazi ya dakika arobaini hivi, na haihitaji kusomea.

Mvua nayo ina neno. Katika mvua ndefu za Machi hadi Mei, au Julai kule Limuru na Kinangop ambako jua halionekani kwa siku nyingi, nepi ya taulo haikauki kwa siku moja. Dazeni mbili zinakuwa chache. Nepi yenye unyevu isivikwe mtoto. Kwa siku hizo wengine huongeza vitambaa vyepesi vya shuka kuukuu la pamba, vilivyokunjwa mara kadhaa, ambavyo hukauka upesi kuliko taulo.

Kwa wengi wenu ningeshauri mchanganyiko. Nepi mchana nyumbani, daipa mbili usiku, na daipa siku za safari, kliniki, na siku ya ubatizo ambapo mtoto atapita mikononi mwa jamaa ishirini. Kwa mpango huo Nakuru yetu inahitaji nepi 16, chupi tatu za plastiki, pini, na ndoo moja, yaani shilingi 3,150. Kufua kutashuka hadi kama 1,200 kwa mwezi, na daipa 60 ni 1,080. Mwezi wa kwanza unafika 5,430, karibu sawa kabisa na daipa tupu, na mwezi wa pili ni 2,280 mahali pa 4,320. Mama analala, na karai halijajaa.

Daipa iliyotumika haiozi kwa miaka mingi, na chembe zake zikitumbukizwa kwenye choo cha shimo zinavimba na kukijaza kabla ya wakati. Choo cha maji nacho kitaziba. Kung'uteni choo cha mtoto chooni kwanza, ikunjeni daipa na kuifunga kwa vibandiko vyake vyenyewe, muitie katika pipa lenye kifuniko linalochukuliwa na wazoa taka. Wale wa shamba wasio na wazoa taka wanapaswa kulifikiria hili kabla hawajaamua, kwa sababu shimo la taka nyuma ya nyumba hujaa na mbwa huzifukua.

Kuhusu ununuzi kabla ya kujifungua, nunueni pakiti moja tu ya namba 1, msinunue zaidi mpaka mtoto apimwe uzito wake. Dazeni ya kwanza ya nepi ifuliwe mara tano kuanzia mwezi wa nane wa ujauzito. Na majirani au wanajumuiya wakiuliza walete zawadi gani, msione haya kuwaambia walete daipa namba 2 na 3. Kila mmoja huleta namba 1, zikarundikana kabatini, na wiki ya saba hazimwingii tena mtoto.